Fildi ya uzamivu nyumbani huku chuo kiko Uingereza: uanzie mlango gani, na supavaiza wa mbali asimamie nini

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa uzamivu Uingereza, afya ya jamii. Nataka kuja kufanya fildi Kilosa, kuhoji akina mama waliojifungulia nyumbani, na mimi mwenyewe kwetu ni huko huko. Supavaiza wangu anasema kibali cha maadili cha chuo kikitoka naweza kuanza. Kamati ya chuo nao wanasema lete cha Tanzania kwanza, na rafiki yangu wa Dar ananiambia nyumbani watataka cha Uingereza kwanza. Mimi ni raia, sio mgeni. Naanzia wapi? Na supavaiza hajui Kiswahili hata kidogo, atanisimamiaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la uraia maana ndo linawapoteza wengi. Pasipoti yako inakuondolea ishu za uhamiaji tu, yaani hutahitaji kibali cha kuishi daraja C ambacho mtafiti mgeni lazima awe nacho, lakini haiuondolei utafiti wako kukaguliwa. Kinachoangaliwa ni kazi yenyewe, inamilikiwa na taasisi gani, hela inatoka wapi, taarifa za watu zinaenda kukaa nchi gani. Kwako majibu yote matatu ni Uingereza. Na kwa kuwa unagusa afya ya binadamu, faili lako linakwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwenye kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya. Ungekuwa unasoma historia ya reli au biashara ya mazao mlango wako ungekuwa COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia. (Kwa anayesoma hapa na alishachukua uraia wa Uingereza: Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo wewe unahesabika mgeni hata kama bibi yako yuko Kimamba, COSTECH inakuhusu, na habari ya kibali cha kuishi waulize uhamiaji mapema. Na anayekwenda Unguja au Pemba ajue Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya afya na ruhusa zake, cheti cha bara peke yake hakimtoshi.)

Kwa hiyo supavaiza wako amekosea, ila simlaumu sana, yeye anaongelea kile ambacho chuo kinadai. Kibali cha chuo kinamaanisha chuo kimeridhika basi, hakimpi mtu ruhusa ya kuingia zahanati ya Kilosa.

Sasa hilo la nani aanze. Hakuna kati ya hao wawili. Unaanza na wa tatu ambaye hujamtaja kabisa kwenye swali lako, taasisi ya Tanzania itakayokupokea na mtafiti wa hapo atakayekuwa msimamizi wako wa nyumbani. Kamati ya Uingereza ikisema "lete cha Tanzania" mara nyingi inachotaka kujua ni kwamba kuna mtu huko anayewajibika na kuna kamati itakayoliangalia faili. NIMR nao fomu yao inataka jina la mtafiti aliyeko nchini na taasisi yake. Pande zote mbili zinamuulizia mtu yule yule, ukiwa naye zile kamati zinaanza kusogea, usipokuwa naye utabaki unaandikiana imeili na masekretari mpaka mwaka unaisha.

Kwa somo lako tafuta mtu MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, au taasisi ya afya ya Ifakara ambao wamefanya kazi ya uzazi na afya ya jamii kwenye mkoa wa Morogoro miaka mingi, au idara ya afya ya jamii ya chuo kingine chenye kamati yake ya maadili. Usimwandikie mkuu wa idara kwa ujumla, soma makala za watu walioandika kuhusu kujifungua nyumbani Tanzania, chagua mmoja, umwandikie yeye. Barua iwe fupi na kurasa mbili za muhtasari wa utafiti, na useme mapema kabisa vitu vitatu ambavyo watu wanaona aibu kuvisema: unamwomba afanye nini hasa, atatajwa vipi kwenye machapisho, na kuna bajeti gani kwa ajili ya muda wake na ada za taasisi yake. Taasisi nyingine zina ada ya kupokea mwanafunzi wa nje, uliza mwanzoni ili iingie kwenye bajeti ya ufadhili wako kabla hujaifunga.

Nakuomba kitu kimoja hapo, usitafute jina la kupamba fomu. Naona sana hii, mwanafunzi anamwomba profesa mkubwa asaini, profesa anasaini, halafu kamati inarudisha maswali na profesa hajui hata mada ni nini. Bora mhadhiri wa kawaida aliyewahi kukaa kijijini na daftari kuliko jina kubwa lisilojibu simu. Ukimpata, mkutanishe na supavaiza wako wa Uingereza kwa video wote watatu, waongee wenyewe, na baada ya hapo uandike ukurasa mmoja wa makubaliano: nani anasoma nini, kwa muda gani, mkipishana nani ana neno la mwisho. Kama chuo chako kinaruhusu kumsajili rasmi kama supavaiza wa ziada au mshauri wa nje fanya hivyo, maana hapo ndo anapata haki ya kuona kazi yako na chuo kinamtambua.

Ukishapata barua ya kupokelewa unaivunja ile kamba ya kamati mbili zinazongojana. Peleka kwanza Uingereza. Kwenye barua ya maombi andika wazi kwamba unaomba kibali chenye sharti, yaani kamati imeridhika na andiko lakini hutakusanya taarifa yoyote mpaka vibali vya Tanzania viwe mkononi na nakala yake iwe imewafikia. Kamati nyingi za vyuo vya huko zinajua kutoa cha namna hiyo ila hazikupi usipoomba, kwa sababu fomu yenyewe inauliza tu "kibali cha nchi kipo au hakipo" na ukijibu hakipo wanakurudisha. Hicho chenye sharti ndo unakiambatanisha kwenye maombi ya Tanzania. Huku nyumbani utapita kwanza kamati ya taasisi iliyokupokea na kisha NIMR, maombi yanafanyika mtandaoni na malipo yanakwenda kwa kontroli namba kama malipo mengine ya serikali. Ada ya Mtanzania mwanafunzi na ada ya mradi wa nje haziko sawa, kwa hiyo andika kwa usahihi nani anakufadhili usije ukalipa isiyo yako halafu faili likakaa.

Hapa katikati kuna kosa linalokula miezi. Kamati ya Uingereza inasoma fomu yako ya ridhaa inakwambia ongeza aya kuhusu kuhifadhi taarifa, unaongeza. Kamati ya taasisi ya hapa inakwambia punguza fomu ni ndefu mno kwa mama wa kijijini, unapunguza. NIMR nao wanabadilisha sentensi mbili. Mwisho wa siku una fomu tatu zilizopitishwa na watu tofauti na hakuna hata moja iliyopitishwa na wote, siku unakagua ndo unagundua ile uliyochapisha nakala mia ni ya zamani. Kinga yake ni rahisi ila lazima uishike toka siku ya kwanza, kila waraka uwe na namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa, na kamati moja ikibadilisha kitu unawapelekea wale wengine marekebisho mara moja, husubiri. Unayokwenda nayo kijijini ni ile ambayo toleo lake limetajwa au limegongwa muhuri na kila upande.

Kalenda yake sasa, tuifanye kwa mfano wako. Umesema mwaka wa kwanza, tuseme ni Oktoba. Masika Kilosa ni Machi mpaka Mei na barabara za vijijini kipindi hicho hazina uhakika, wenyeji wenzako wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalivyofanya mji na reli. Kwa hiyo ukilenga kuingia Julai uko vizuri, mvua imekwisha na mavuno ya mahindi yanaelekea mwisho, akina mama wana nafasi ya kukaa. Rudi nyuma kutoka hapo: Oktoba na Novemba ni kutafuta taasisi na kupata barua. Desemba unapeleka Uingereza, ukihesabu likizo zao za Krismasi utajibiwa Januari au Februari na maswali juu. Februari hiyo hiyo kamati ya taasisi ya hapa, Machi na Aprili NIMR, Mei unajibu maswali yao, Juni unapeleka barua mkoani na wilayani. Imejaa hiyo, haina hata wiki ya kupoteza, na ndo maana mtu akiniambia ataanza vibali Machi aingie fildi Juni namwambia ahamishe fildi mwaka ujao.

Kuna tafsiri pia. Fomu ya ridhaa, karatasi ya maelezo na mwongozo wa mahojiano vyote vinaingia kwa Kiswahili na Kiingereza. Wewe Kiswahili ni chako, ila usitafsiri peke yako usiku mmoja. Andika Kiswahili kwanza, kile ambacho ungemwambia mama mwenyewe, umpe mtu mwingine akirudishe Kiingereza bila kuona cha mwanzo, mlinganishe. Fomu zinazoanza na Kiingereza cha chuo zinatoka na sentensi za mistari minne ambazo hata mtendaji wa kata anazirudia mara mbili.

Nikae kidogo kwenye mada yako yenyewe, maana hapa ndo kamati ya Tanzania itakubana na hapa ndo kamati ya Uingereza haitaona kitu. Kamati ya Uingereza itakuuliza kuhusu malaria, usafiri, wewe kulala peke yako. Sawa. Lakini kuna vijiji nchini vyenye sheria ndogo zinazomtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Kwa hiyo swali lako kuu ni kumwomba mtu asimulie kitu ambacho kijijini kwake kinaweza kuwa kosa. Halafu njia ya kawaida ya kuwapata washiriki ni kwenda kwa mtendaji wa kijiji na kumwomba akuitie. Yaani umemwomba yule yule anayekusanya faini akutengenezee orodha. Usipolijibu hili kwenye andiko watakurudisha na watakuwa na haki.

Namna ya kulijibu: uliza mapema kama vijiji ulivyovichagua vina sheria hiyo na inatumika kweli au iko kwenye karatasi tu, andika ulichokuta. Uongozi wa kijiji unapewa taarifa na kutoa ruhusa ya utafiti kufanyika, hapo wanaishia, hawachagui washiriki wala hawaambiwi nani amehojiwa. Washiriki unawapata kliniki ya watoto, ambako mama yeyote mwenye mtoto wa chini ya mwaka anapita, aliyejifungulia zahanati na aliyejifungulia nyumbani wote pamoja, na ukiwaita uite wa aina zote mbili, ili mama akionekana amekaa na wewe pale pembeni isimaanishe chochote. Jina la utafiti kwenye karatasi liwe "huduma wakati wa ujauzito na kujifungua", usiandike kujifungulia nyumbani juu ya fomu ambayo mtu ataibeba mkononi kupita nayo dukani.

Asiyejua kuandika ataweka dole gumba na panahitajika shahidi. Shahidi asiwe mjumbe, balozi wala mhudumu wa zahanati, mwache mama mwenyewe amchague mtu anayemwamini. Namba za simu za kulalamikia ziwe za Tanzania, ya msimamizi wako wa hapa na ya sekretarieti ya kamati. Nimeshaona fomu zenye namba ya Uingereza pekee, sasa mama wa kata ya Ulaya pale Kilosa atapiga kwa vocha gani.

Na umri. Baadhi ya waliojifungua watakuwa na miaka 16 au 17. Hao ni watoto kwa kamati ya Tanzania, ridhaa ya mzazi au mlezi kwa kawaida inatakiwa pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Ukisema utachukua ridhaa ya mzazi wake, fikiria binti ambaye baba yake ndo alimzuia kwenda hospitali. Ukisema utamhesabu kama mtu mzima kwa sababu ameshazaa, itabidi uijengee hoja na kamati inaweza kukataa. Ushauri wangu kwa mwanafunzi mwenye muda mfupi ni kuanzia miaka 18 na kuandika wazi kwamba hilo ni pengo la utafiti wako. Inaniuma kusema hivyo kwa sababu hao mabinti ndo wangekuwa na la kusema zaidi, ila kulifanya nusunusu ni kuwaweka hatarini.

Cheti cha NIMR kikitoka kisome neno kwa neno. Kinataja maeneo, na nakala yake inakwenda kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya zilizotajwa. Kama kimeandikwa Kilosa basi ni Kilosa. Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa mpaka ilipofanywa wilaya 2012, na huko kwenu watu bado wana ndugu na mashamba pande zote, mtu anaweza akakwambia "mama fulani yuko hapo tu ng'ambo", ukavuka na ukawa umetoka nje ya kibali. Ukihisi utavuka taja wilaya zote mbili toka kwenye maombi, haikugharimu kitu.

Na cheti sio mwisho. Unakwenda nacho kwa katibu tawala wa mkoa Morogoro, anakuandikia barua kwenda wilayani, wilayani wanakuandikia kwenda kata na kijiji, na kwa zahanati unapita kwa mganga mkuu wa wilaya mpaka kwa mganga mfawidhi. Kila hatua wanachukua nakala kwa hiyo beba nakala nyingi. Kwa kituo kimoja kimoja inaweza kuchukua siku moja au wiki kutegemea bosi yupo au yuko semina Dodoma, na huwezi kuruka hata kama mkurugenzi ni mjomba wako. Tena kama ni mjomba wako ndo usiruke kabisa, maana siku akihamishwa unabaki huna karatasi. Mwombe msimamizi wako wa hapa apige simu wilayani kabla hujafika, simu moja kutoka taasisi wanayoijua inafungua milango zaidi ya barua yenye nembo ya chuo cha Uingereza.

Twende kwenye taarifa, sauti na maandishi. Hapa una sheria za nchi mbili juu yako. Uingereza chuo kitakudai mpango wa kuhifadhi data, na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 ambayo inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. NIMR nao watataka mkataba wa kuhamisha data kati ya taasisi ya hapa na chuo chako, usainiwe na wenye mamlaka ya kusaini, na kule Uingereza supavaiza wako sio mmoja wao, kuna ofisi ya mikataba. Ofisi hiyo ina foleni yake. Ipelekee rasimu siku ile ile unapopeleka maombi ya maadili, usingoje NIMR waulize.

Kwa vitendo: rekoda au simu ya kazi iliyofungwa kwa paswadi, isiwe simu yako ya kila siku. Jioni unahamishia laptopu yenye diski iliyosimbwa, ukifika mahali pa mtandao mzuri unapandisha kwenye hifadhi ya chuo, unasikiliza kuhakikisha faili ni zima, ndipo unafuta kwenye rekoda. Faili linaitwa kwa namba, orodha ya majina na namba inakaa sehemu nyingine kabisa, ikiwezekana kwa msimamizi wako wa hapa kabatini. Usitume sauti ya mshiriki kwenye kundi la Wasapu la familia wala la wanafunzi wenzako eti wakusaidie kusikia neno la Kikaguru, ukihitaji msaada wa lugha huyo msaidizi anatajwa kwenye maombi na anasaini kutunza siri.

Sasa supavaiza asiyejua Kiswahili. Inawezekana kabisa, ila usimsubiri aje kusoma kila kitu mwisho, na wewe usijifanye kumtafsiria kila kitu maana utamaliza ufadhili ukitafsiri. Utaratibu ninaouamini ni huu. Fanya mahojiano matatu ya kwanza halafu simama. Yaandike yote matatu neno kwa neno kwa Kiswahili, msimamizi wa hapa ayasome kwa Kiswahili, na moja kati ya hayo ulitafsiri lote Kiingereza kwa ajili ya wa Uingereza. Mkutane wote watatu kabla ya kuendelea. Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu majira yao ya baridi na saa mbili majira ya joto, saa kumi jioni ya Julai kwako ni saa nane mchana kwao, kwa hiyo muda mzuri upo.

Kwa nini matatu ya kwanza. Kwa sababu hapo ndo unaona kama mwongozo wako unafanya kazi. Mwongozo uliopitishwa utakuwa na swali kama "Kwa nini hukujifungulia kituo cha afya?" Kwenye karatasi halina shida na supavaiza wa Uingereza atalipitisha. Kijijini, likitoka kwa mtu aliyeletwa na barua ya wilaya, ni swali la mashtaka, na jibu lake wanalo wote: uchungu ulinikamata ghafla. Litakuja kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ukiendelea utakuwa na mahojiano thelathini ya uchungu wa ghafla na sura ya matokeo inayosema tatizo ni uchungu wa ghafla. Msimamizi wa hapa akisoma matatu tu atakwambia hapa umejibiwa jibu la ofisini. Hapo unageuza, "Nisimulie siku ile mtoto alipozaliwa, toka ulipoamka", unamwacha aende. Atafika mwenyewe kwa mama mkwe, nauli ya bodaboda usiku, vifaa alivyoambiwa aje navyo akakosa hela, nesi aliyemsema vibaya mimba iliyopita.

Kugeuza namna ya kuuliza ndani ya mada ile ile inaweza kuwa ni kutoa taarifa tu, ila waandikie sekretarieti wakuthibitishie na imeili uitunze. Kuongeza kundi jipya la watu, tuseme umegundua lazima uongee na waume au wakunga wa jadi, hayo ni marekebisho ya kibali na yanapita kamati zote kabla hujamgusa hata mmoja. Ndo maana nashauri kama unahisi tu kwamba utawahitaji, waandike toka mwanzo. Kutowatumia waliopitishwa hakuna kosa.

Baada ya hapo kila wiki mwandikie supavaiza wa Uingereza ukurasa mmoja au miwili kwa Kiingereza: umeongea na nani bila majina, nini kimekushangaza, unabadilisha nini, na vipande vitatu vinne vya maneno ya washiriki kwa Kiswahili na tafsiri chini yake. Uchambuzi wa mwanzo ufanye kwenye Kiswahili, tafsiri zile sehemu utakazozinukuu. Na mfanye supavaiza akuulize maswali ya kipumbavu, hiyo ndo nguvu yake, yeye hajui kwamba mama mkwe ana sauti kwenye mambo ya uzazi, wewe unajua tangu utoto kwa hiyo hutaliandika kama jambo la kuelezwa. Wa hapa atakukamata ukidanganywa na wa kule atakukamata ukidhani kila msomaji amekulia Kilosa. Wakitofautiana, na watatofautiana, usichague mmoja kimya kimya na kumwambia mwingine ndiyo, peleka hoja kwa wote kwenye imeili moja na ule ukurasa wa makubaliano ndo unaamua.

Mambo ya chuo chako kwa haraka: kabla ya kukata tiketi hakikisha chuo kimeandika ruhusa ya wewe kufanyia kazi nje kwa miezi hiyo, kwa sababu wao ndo wadhamini wa viza yako na wanatakiwa kujua uko wapi. Kama una mpango wa kuomba viza ya baada ya masomo, kwa kozi ndefu unatakiwa uwe umesoma ndani ya Uingereza angalau miezi 12, kwa mwaka mmoja wa fildi huna tatizo ila kama unafikiria kurudi kuandikia nyumbani piga hesabu. Bima ya safari ya chuo nayo uisome, nyingi zinapunguza au kuondoa matibabu ukiwa nchi yako ya asili, kwa hiyo waulize kwa maandishi Mtanzania akiumia Tanzania analipiwa au halipiwi.

Mwisho, cheti cha NIMR ni cha mwaka mmoja na masharti yake yameandikwa humo humo: ripoti ya maendeleo kila miezi sita inayokwenda wizarani, NIMR na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya, na ruhusa yao kabla ya kuchapisha matokeo. Hiyo ya kuchapisha watu wanaikumbuka jarida likishakubali makala, omba mapema, makala ikiwa rasimu na msimamizi wako wa hapa ameshaisoma. Na ripoti ya miezi sita iangukie vizuri, ukiingia Julai na cheti cha Juni ripoti ya kwanza ni Desemba, wakati umerudi Uingereza na umezama kwenye maandishi. Kama unaona mahojiano ya kurudia yatavuka Juni inayofuata, maombi ya kuongeza muda yapeleke Machi au Aprili cheti kikiwa bado hai, maana mahojiano yaliyofanyika cheti kimeisha hutaweza kuyatumia hata yakiwa ndo mazuri kuliko yote.